Matokeo ya Mtihani Bila Orodha ya Aibu: Namna Kijarida cha Shule Kinavyoweza Kuandikwa Upya

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Kila ifikapo mwezi wa Disemba, shule nyingi hutoa kijarida cha kufungia mwaka, na ukurasa unaosubiriwa kwa hamu kuliko yote ni ule wa matokeo ya mtihani. Zamani ukurasa huo ulisomwa na wazazi wa darasa husika, kisha ukawekwa kabatini. Leo hupigwa picha kabla wino haujakauka, ukatumwa katika kundi la wazazi kwenye simu, na kutoka hapo ukafika kwa majirani, mashangazi na vijana wa mtaa. Jedwali lililokusudiwa kusomwa na familia arobaini husomwa na mji mzima, na hakuna awezaye kulirudisha.

Katika makala haya tutachukua kijarida kimoja cha shule ya sekondari iliyo chini ya usimamizi wa msikiti, tukitazame kilivyokuwa, kisha tukiandike upya sehemu kwa sehemu. Kazi hiyo ilikabidhiwa mwandishi wa makala haya pamoja na mwalimu wa taaluma wa shule hiyo. Jina la shule halihitajiki hapa, na baadhi ya hesabu zimebadilishwa kidogo ili mtoto yeyote asitambulike.

Matokeo yenyewe yalikuwa ya mtihani wa mwisho wa mwaka wa Kidato cha Tatu. Wanafunzi walikuwa 44, na alama zao zilijumlishwa kutoka masomo tisa. Kijarida cha awali kilikuwa na vitu vinne. Juu kabisa palikuwa na picha ya mwanafunzi wa kwanza na wastani wake. Chini yake palikuwa na majina ya kumi bora. Kisha likafuata jedwali la darasa zima, kuanzia nafasi ya 1 hadi ya 44, safu sita za mwisho zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Mwisho palikuwa na aya fupi iliyosema kwamba wanafunzi wafuatao wameiangusha shule na wazazi wao wafike ofisini, na majina ya watoto hao sita yakatajwa kwa mara ya pili.

Nafasi inasema nini hasa?

Mzazi anapoona kwamba mwanawe ni wa 24 kati ya 44, hudhani amepewa habari ya mwanawe. Kwa kweli amepewa habari ya watoto wengine 43. Nafasi haielezi mtoto anajua nini wala hajui nini, bali inaeleza tu ni wangapi wamekaa mbele yake na wangapi wako nyuma. Mtoto yule yule, akiwa na ujuzi ule ule, angeweza kuwa wa 5 katika darasa jirani na wa 40 katika shule ya mji mwingine.

Tazama jedwali lile kwa makini. Mwanafunzi wa 12 alikuwa na wastani wa 58.9, na wa 24 alikuwa na wastani wa 55.3. Kati yao pana nafasi kumi na mbili, ambazo machoni pa msomaji ni kama umbali wa mtaa hadi mtaa. Lakini tofauti yao ni wastani wa alama 3.6 tu, yaani chini ya alama nne katika kila somo. Na kati ya wa 12 na wa 13, tofauti ilikuwa alama 2 katika jumla ya alama 900. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha anajua kwamba karatasi ile ile, ikisahihishwa asubuhi na kisha jioni, inaweza kupata au kupoteza alama mbili bila mwalimu kufanya dhuluma yoyote. Jedwali hulichukua jambo dogo kama hilo likalifanya ngazi, na ngazi hiyo ikachapishwa.

Hata katika mitihani ya taifa, ambako usahihishaji una usimamizi mkali kuliko wa shule yoyote, Baraza la Mitihani la Tanzania limeachana na desturi hiyo. Lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, mwishoni mwa Januari 2023, Kaimu Katibu Mtendaji wa wakati huo, Athumani Amasi, alieleza kwamba baraza halitatangaza tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa kuwa halikuona tija katika kuwalinganisha watahiniwa waliosoma katika mazingira tofauti. Shule inayoendelea kutangaza nafasi ya kwanza hadi ya mwisho inashikilia jambo ambalo mwenye mtihani wa taifa mwenyewe ameliacha.

Mtoto aliyepanda na kushuka kwa pamoja

Miongoni mwa safu sita nyekundu palikuwa na kijana wa nafasi ya 41. Katika mtihani wa Juni alikuwa wa 39. Kwa hiyo, kwa msomaji wa jedwali, kijana huyu alikuwa mbaya na amezidi kuwa mbaya.

Mwalimu wa taaluma alipofungua daftari la alama, habari ikawa nyingine. Katika Hisabati kijana huyo alipata 18 mwezi wa Juni na 34 mwezi wa Novemba. Kwa viwango vinavyotumika katika sekondari, ambapo A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30, ametoka F akaingia D. Wastani wake wa masomo yote ulipanda kutoka 31 hadi 35. Nafasi yake ilishuka kwa sababu wenzake wawili waliokuwa chini yake walipanda zaidi. Kupanda kwao ni jambo la kheri kwa shule, na jedwali likaligeuza kuwa aibu yake.

Hapa mhariri wa kijarida hana budi kuwa mwangalifu asikimbilie sifa. Alama ya Novemba kuwa kubwa kuliko ya Juni haitoshi kuthibitisha kwamba mtoto amejifunza, kwa kuwa huenda karatasi ya Novemba ilikuwa nyepesi. Njia rahisi ya kulipima hilo ni kutazama alama ya katikati ya darasa. Zipange alama za Hisabati za wanafunzi wote 44 kutoka ya juu hadi ya chini, chukua ya 22 na ya 23, zijumlishe, ugawe kwa mbili. Mwezi wa Juni alama hiyo ya katikati ilikuwa 36, na Novemba ikawa 44. Darasa zima limesogea kwa alama 8. Kijana wetu amesogea kwa alama 16. Hata tukikubali kwamba kusogea kote kwa darasa kulitokana na wepesi wa karatasi, bado nusu ya kupanda kwake ni juhudi yake.

Njia ya pili ni bora zaidi, ila inataka maandalizi. Mwalimu aweke katika mitihani yote miwili maswali machache ya aina moja na ya ugumu mmoja. Mwalimu wa Hisabati wa shule hii alikuwa amefanya hivyo katika swali la kusoma grafu. Mwezi wa Juni, wanafunzi 19 kati ya 44 walilijibu ipasavyo, Novemba, 31. Hiyo ni habari ambayo mzazi anaielewa bila kufasiriwa, na haimtaji mtoto yeyote.

Jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kabla kijarida kipya hakijatoka, picha ya kile cha zamani ilikuwa imekwisha kuwafikia baadhi ya wazazi. Baba wa kijana yule alifika ofisini na kusema kwamba nafasi ya 41 hailipiwi ada, na kwamba mwezi wa Januari mwanawe atakwenda kusaidia dukani. Hakuwa mzazi mkatili. Alikuwa mzazi mwenye watoto watano na kipato kidogo, aliyetumia karatasi aliyopewa kufanya uamuzi mzito. Karatasi ilimwambia kwamba fedha yake inapotea, wakati daftari la mwalimu lilikuwa na ushahidi wa kinyume chake.

Majina katika sifa, na majina katika aibu

Suala la kuwataja walioshindwa halihitaji hoja ndefu kwa wasomaji wa ukurasa huu. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na kila mtoto aliyewahi kuwa safu ya mwisho anajua jina alilopewa na wenzake kuanzia siku ile. Kuna pia sheria ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za elimu ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa zake binafsi. Alama za mtoto pamoja na jina lake si mali ya shule kuzitangaza itakavyo.

Ugumu upo katika kuwataja waliofanya vyema. Hapa ndipo kijarida chenye nia njema huteleza, na huteleza kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni aibu ya kukosekana. Tuseme shule inaamua kwamba haitaorodhesha walioshindwa, itaorodhesha waliofaulu tu. Katika Hisabati waliofaulu ni 35 kati ya 44. Msomaji yeyote mwenye orodha ya darasa kichwani, na watoto wote wanayo, atahesabu ndani ya dakika mbili na kuwapata tisa ambao hawamo. Orodha ya heshima imegeuka kuwa orodha ya fedheha iliyoandikwa kwa wino usioonekana. Kanuni tuliyojiwekea ni hii: iwapo jambo limefikiwa na nusu ya darasa au zaidi, kijarida kitaje idadi na kisitaje majina. Majina yatajwe pale tu ambapo wengi hawamo, kwa sababu hapo kukosekana hakumwoneshi mtu kidole.

Namna ya pili ni sifa inayofichua. Ilipendekezwa kwamba kijana wa nafasi ya 41 apongezwe kwa maneno haya: ametoka F hadi D katika Hisabati. Nia ilikuwa nzuri, lakini sentensi hiyo inawatangazia watu mambo mawili ambayo hawakuwa wakiyajua, kwamba alikuwa na F na kwamba sasa ana D. Mtoto wa miaka kumi na sita hataisikia pongezi ndani yake. Maendeleo ya mtoto mmoja mmoja mahali pake ni karatasi ya mzazi, ambayo tutaieleza hapa chini. Katika kijarida, mtoto atajwe kwa kile alichofanya, bila kutaja alikotoka.

Basi majina yaliyobaki katika kijarida kipya yalikuwa ya waliopata daraja A katika somo lolote. Yalipangwa kwa somo, na ndani ya kila somo kwa mfuatano wa alfabeti, bila alama na bila wastani. Kigezo hicho kiko wazi kwa kila mtoto: atakayefikisha 75 ataingia, hata wakiwa ishirini, na kuingia kwake hakumtoi mwenzake. Hilo ndilo linalokitofautisha na kumi bora, ambamo mtu wa kumi na moja hubaki nje hata akiwa na alama 80. Kabla ya kuchapa, kila mtoto na mzazi wake waliulizwa kama wanaridhia jina litajwe. Msichana mmoja alikataa, na jina lake halikuwekwa. Hakuulizwa sababu.

Kijarida kipya kilivyosomeka

Baada ya kuondoa picha, kumi bora, jedwali na aya ya lawama, ukurasa ulikuwa mtupu, na mkuu wa shule akauliza kama sasa wazazi watapewa karatasi nyeupe. Jibu ni kwamba nafasi iliyoachwa na majina ya watoto ijazwe na habari za kazi ya shule. Sehemu ya Hisabati iliandikwa hivi:

"Wanafunzi 44 wa Kidato cha Tatu wamefanya mtihani wa Hisabati wa mwisho wa mwaka. Waliopata daraja A hadi C ni 22, ambapo mwezi wa Juni walikuwa 15. Waliopata D ni 13, na Juni walikuwa 12. Waliopata F ni 9, na Juni walikuwa 17. Wanafunzi wengi sasa wanasoma grafu kwa usahihi: 31 wamelijibu swali hilo ipasavyo, wakati mwezi wa Juni walikuwa 19. Bado darasa lina udhaifu katika maswali ya mafumbo, yaani yale yanayoeleza tatizo kwa maneno na kumtaka mwanafunzi atunge hesabu mwenyewe. Wanafunzi 14 tu ndio waliolimaliza swali la aina hiyo. Kuanzia Januari, vipindi viwili vya jioni kwa wiki, Jumatatu na Jumatano baada ya swala ya Alasiri, vitatumika kwa maswali hayo, na kila mwanafunzi anakaribishwa. Mtihani wa Machi utakuwa na swali la aina hiyo hiyo, na matokeo yake yatatolewa katika kijarida cha Aprili."

Msomaji ataona kwamba habari mbaya haikufichwa. Wanafunzi tisa wamepata F, na limesemwa. Thelathini hawakuweza kulimaliza fumbo, na limesemwa. Tofauti ni kwamba sasa habari mbaya ina mwenye kuijibu. Katika kijarida cha zamani, watoto sita ndio walioiangusha shule. Katika hiki, shule inaeleza imefundisha nini, imeshindwa kufundisha nini, na itafanya nini, kwa siku zilizotajwa na kwa kipimo ambacho wazazi wataweza kukidai mwezi wa Aprili. Kijarida kinachoacha kuwaaibisha watoto na hapo hapo kikaficha hali ya shule kimewaondolea wazazi haki yao, na kamati isikubali kukipitisha.

Angalia pia lile neno kwamba kila mwanafunzi anakaribishwa. Rasimu ya kwanza ilisema vipindi ni kwa waliopata F. Ingebaki hivyo, Jumatatu ya kwanza ya Januari darasa zima lingejua ni akina nani kwa kutazama nani amebaki baada ya Alasiri. Walimu waliwaendea wale tisa kimya kimya na kuwahimiza wahudhurie, na wakawaomba baadhi ya wenye daraja B na C wahudhurie pia. Nao walikuwa na haja, kwa kuwa fumbo liliwashinda hata wao.

Mitego ya hesabu ndogo

Hata kijarida kisichotaja jina kinaweza kumfichua mtoto kwa njia ya hesabu. Katika darasa hili, wanafunzi wanaosoma Fizikia walikuwa 11, kwa kuwa kuanzia Kidato cha Tatu somo hilo huchaguliwa. Rasimu ilisema kwamba wawili wamepata F. Katika kundi la watu 11 wanaokaa maabara moja, wawili hujulikana kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo tuliweka mpaka: idadi iliyo chini ya watano haitajwi peke yake, huunganishwa na ya jirani. Kijarida kikasema kwamba kati ya wanafunzi 11 wa Fizikia, 6 wamepata C au zaidi na 5 wamepata D au chini yake.

Mtego mwingine ni wa kutoa. Sentensi moja ilisema kwamba wasichana wote wamefaulu Kiswahili, na nyingine ikasema kwamba wanafunzi 5 kati ya 44 hawakufaulu Kiswahili. Kila sentensi peke yake haina madhara. Zikisomwa pamoja, zinasema kwamba watano wote ni wavulana, na mduara umepungua nusu. Mtu mmoja ambaye hakushiriki kuandika akisome kijarida chote kwa nia ya kuotea, na akiweza kumtaja mtoto mmoja kwa uhakika, sentensi iliyompeleka huko ibadilishwe.

Kwa shule zitakazoandika juu ya matokeo ya Kidato cha Nne, kuna tahadhari moja ya ziada. Matokeo yanayowekwa na Baraza la Mitihani mtandaoni huonesha namba ya mtahiniwa na madaraja yake yote bila jina. Shule ikichapisha jina la mtoto pamoja na namba yake ya mtihani, hata kwa kumpongeza, imempa kila msomaji ufunguo wa karatasi yake nzima, pamoja na yale masomo ambayo hakufanya vyema.

Karatasi ya mzazi

Mzazi ana haki ya kujua habari zote za mwanawe, na kijarida si mahali pake. Kila mzazi alipewa karatasi moja, ndani ya bahasha iliyofungwa, na wengi waliichukua kwa mkono kutoka kwa mwalimu wa darasa. Karatasi hiyo ina alama ya kila somo ya Juni na ya Novemba, alama ya katikati ya darasa kwa somo hilo, na mistari miwili iliyoandikwa na mwalimu: mtoto anaweza nini sasa, na bado nini. Haina nafasi.

Karatasi ya kijana wetu ilisomeka hivi kwa upande wa Hisabati: Juni 18, Novemba 34, katikati ya darasa 44. Anaweza kukokotoa asilimia na kusoma grafu. Bado hawezi kutunga hesabu kutokana na maneno, na hupoteza alama kwa kutoonesha njia. Ni mistari michache, nayo haimpambi. Mzazi anaona kwamba mwanawe bado yuko chini ya katikati ya darasa kwa alama 10. Lakini mwezi wa Juni alikuwa chini yake kwa alama 18, na hilo pia analiona. Baba yule aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akarudi kukaa, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani atakayefundisha jioni za Jumatatu. Alilipa ada nusu mwezi wa Januari, na kijana alirudi shuleni.

Hoja za wanaopinga

Katika kikao cha kamati yalitolewa maoni mazito, na ni haki yaelezwe. Mzee mmoja alisema kwamba ushindani ndio uliowafanya wao wasome, na kwamba mtoto asiyeogopa kushindwa halali usiku mmoja kwa ajili ya kitabu. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa watoto walio juu, ambao wanagombea nafasi ya kwanza na ya pili na wanaona kwamba juhudi inawafikisha. Kwa mtoto wa nafasi ya 38, nafasi ya kwanza haimvuti, kwa kuwa haiko mbele ya macho yake. Kinachomvuta ni kitu anachoweza kukifikia mwezi wa Machi: fumbo moja ambalo leo limemshinda. Nao watoto wa juu hawakunyimwa kitu, maana daraja A bado lipo na majina yao yamo.

Mzazi mwingine alisema kwamba analipa ada na anataka kujua nafasi ya mwanawe. Tulikubaliana kwamba mzazi anayeitaka aulize kwa mwalimu wa darasa na aelezwe ana kwa ana, pamoja na tofauti ya alama kati ya mwanawe na waliomzunguka, bila majina yao. Wazazi watatu waliuliza mwaka huo.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na haijapata jibu kamili. Picha ya mwanafunzi bora huvutia wazazi wapya na wafadhili, na kijarida kisicho na picha hiyo kinaweza kuonekana kama cha shule isiyo na cha kuonesha. Shule hii ilichagua kuweka mahali pa picha karatasi ya jibu ya swali la grafu, ikiwa imeandikwa vizuri kwa mkono wa mwanafunzi na bila jina, pamoja na ile hesabu ya 19 na 31. Kama itavutia watu sawasawa na sura ya mtoto aliyeshika kombe, ni jambo la kuonekana katika usajili wa miaka ijayo. Kamati ilikubali kulibeba hilo, na imemwagiza mwalimu wa taaluma alete hesabu ya mafumbo ya mwezi wa Machi, iwe imepanda au imeshuka, ili ichapishwe kama ilivyoahidiwa.

Wabillahi taufiq.